Kiolezo Kimoja, Mashine Thelathini

Mkufunzi wa somo la usimamizi wa seva ana wanafunzi 30, na kila mmoja anahitaji kompyuta ya Linux ambayo yuko huru kuiharibu. Atafuta mafaili ya mfumo, atakosea mipangilio ya mtandao, atabadilisha nywila ya msimamizi kisha aisahau. Huwezi kumpa uhuru huo kwenye kompyuta ya maabara ambayo saa mbili baadaye itatumiwa na darasa la uhasibu. Kwa hiyo anapewa mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva moja kubwa. Ina diski yake, RAM yake na anwani yake ya mtandao, ingawa hakuna sanduku unaloweza kuligusa. Kompyuta za maabara zinabaki kuwa dirisha tu la kuingilia huko.

Kusakinisha Linux mara 30 ni kazi ya kutwa, na hata ukiimaliza hutapata mashine zinazofanana, maana mkono huchoka na hatua moja ikarukwa. Unatengeneza mashine moja kwa uangalifu, unaigandisha iwe kiolezo, kisha unatoa nakala kutoka kwake. Katika Proxmox VE, programu huria ya kuendesha mashine pepe iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2008, ukibonyeza kiolezo na kuomba nakala, linafunguka dirisha dogo lenye kisanduku kilichoandikwa `Mode`. Ndani yake mna chaguo mbili: `Linked Clone` na `Full Clone`. Ya kwanza nitaiita nakala tegemezi, ya pili nakala kamili. Wengi huiacha ile inayotangulia kwa kuwa ndiyo iliyokwisha kuwekwa, na kwa darasa mara nyingi wanakuwa wamepatia. Ila asiyejua alichochagua atakutana nacho katikati ya muhula, wakati ambapo hana nafasi ya kurudi nyuma.

Nakala kamili haina fumbo. Seva inasoma data yote iliyomo kwenye diski ya kiolezo na kuiandika upya kwenye diski nyingine. Kazi ikiisha, mashine hizo mbili hazidaiani kitu. Unaweza kufuta kiolezo, kuhamishia nakala kwenye seva nyingine, au kuinakili kwenye diski ya kubeba na kwenda nayo. Bei yake ni muda na nafasi.

Nakala tegemezi hainakili data yoyote. Fikiria ramani ya ukutani iliyowekewa karatasi ya kalki juu yake: mwanafunzi anaiona ramani yote, lakini kila anachochora kinabaki kwenye kalki. Diski ya kiolezo ndiyo ramani. Mashine ya mwanafunzi inapewa faili tupu linaloelekezwa kwenye diski hiyo. Mashine ikitaka kusoma kitu, kwanza inaangalia kwenye faili lake. Isipokikuta, inakwenda kukisoma kwenye kiolezo. Ikitaka kuandika, inaandika kwenye faili lake tu. Kiolezo hakiguswi kabisa, ndiyo maana mashine 30 zinaweza kukisoma kwa wakati mmoja bila kuvurugana.

Jinsi uandishi huo unavyofanyika ina athari baadaye, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Katika faili la aina ya qcow2, ambalo Proxmox hulitumia pale mashine zinapohifadhiwa kwenye folda ya kawaida, diski kwa kawaida imegawanywa katika vipande vya kilobaiti 64. Mwanafunzi akibadilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, seva haihifadhi mstari huo peke yake. Inachukua kipande kizima cha kilobaiti 64 kutoka kwenye kiolezo, inaweka badiliko, kisha inakiandika kwenye faili la mwanafunzi. Tangu hapo kipande hicho husomwa kwa mwanafunzi, na kile cha kwenye kiolezo hakiangaliwi tena na mashine hiyo. Kwa maneno mengine, faili la mwanafunzi linakua kila anapogusa sehemu mpya ya diski, hata kama kwake yeye haongezi chochote bali anabadilisha tu kilichokuwapo.

Sasa tupige hesabu kwa darasa letu. Tuseme seva ina RAM ya GB 128 na diski ya SSD ya GB 480 iliyotengwa kwa ajili ya mashine pepe. Kiolezo ni Ubuntu Server 24.04. Diski yake imetangazwa kuwa na GB 32, lakini kilichomo ndani, pamoja na hifadhidata na vifaa vya somo, ni GB 9.

Kwa nakala kamili, kila mashine itachukua GB 9 tangu dakika ya kwanza, na mashine 30 zitachukua GB 270. Ikiwa SSD hiyo inasoma na kuandika kwa pamoja kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde, nakala moja itachukua kama sekunde 45, na zote dakika 22 au 23. Hilo linavumilika. Lakini seva yenye diski ya zamani ya kuzunguka, ambayo inasoma na kuandika mahali pamoja kwa megabaiti 50 kwa sekunde, itahitaji dakika tatu kwa kila mashine, sawa na saa moja na nusu kwa darasa zima. Mkufunzi aliyeambiwa saa mbili asubuhi kwamba kipindi chake kimesogezwa hadi saa tatu hana muda huo.

Kwa nakala tegemezi, kila faili linaanza likiwa na kilobaiti mia chache. Kutengeneza moja ni suala la sekunde moja au mbili, na darasa zima linakamilika kabla wanafunzi hawajamaliza kukaa. Nafasi iliyotumika ni GB 9 za kiolezo na vijisehemu vidogo juu yake.

Usichanganye nafasi ya diski na RAM. Nakala tegemezi haipunguzi RAM. Mashine 30 zilizopewa GB 2 kila moja zinahitaji GB 60 zikiwaka zote, ziwe tegemezi au kamili. Nimeona watu wakinunua diski kubwa kwa darasa lililokwama kwa sababu ya RAM, na pia kinyume chake. Kabla ya kufikiria aina ya nakala, zidisha idadi ya wanafunzi kwa RAM ya kila mashine uone kama seva inatosha.

Kazi inayoamua mafanikio ya darasa inafanyika kabla ya kunakili, na inahusu nakala za aina zote mbili. Kila mashine ya Linux ina vitambulisho vyake vya ndani. Kimoja kimo kwenye faili `/etc/machine-id`, mfuatano wa tarakimu na herufi 32 unaotengenezwa mara moja wakati wa kusakinisha. Vingine ni funguo za SSH, ambazo mashine huzitumia kujitambulisha kwa anayeingia kupitia mtandao. Ukigandisha kiolezo vitambulisho hivyo vikiwa ndani, mashine 30 zitazaliwa zikiwa na kitambulisho kimoja.

Dalili yake huwachanganya wengi. Proxmox huipa kila nakala namba mpya ya kadi ya mtandao, kwa hiyo unategemea kila mashine ipate anwani yake. Lakini Ubuntu Server ikiomba anwani kwenye mtandao haijitambulishi kwa namba ya kadi; inajitambulisha kwa kitu kilichotokana na `/etc/machine-id`. Kifaa kinachogawa anwani kinaona maombi 30 kutoka kwa mteja yule yule, na kinampa kila mmoja anwani ile ile. Mwanafunzi wa kwanza anaingia vizuri. Wa pili akiwasha, wa kwanza anatupwa nje. Wa tatu akiwasha, hakuna anayejua yuko kwenye mashine ya nani. Mmoja anafuta folda na mwenzake aliyeketi meza ya tatu anapiga kelele. Fundi anaanza kulaumu swichi, kisha nyaya, kisha nakala tegemezi yenyewe, ambayo haina kosa lolote.

Dawa ni kuvifuta vitambulisho kwenye mashine ya msingi, kama hatua ya mwisho kabisa kabla ya kuizima. Hapa nachukulia kwamba mashine hiyo imetokana na taswira ya wingu ya Ubuntu, na kwamba umeiwekea diski ya cloud-init kwenye Proxmox:

```
sudo cloud-init clean --logs
sudo rm -f /etc/ssh/ssh_host_*
sudo truncate -s 0 /etc/machine-id
sudo poweroff
```

Angalia kwamba faili la kitambulisho linaachwa tupu, halifutwi. Mashine ikiwaka na kulikuta tupu, inajitengenezea kitambulisho kipya. Funguo za SSH nazo zitazalishwa upya na cloud-init, ambayo pia itachukua jina uliloipa nakala na kulifanya jina la mashine. Ukimaliza amri hizo usiwashe tena mashine ya msingi hata kwa kuchungulia tu, maana itajijaza vitambulisho upya na utalazimika kurudia. Kwa Windows kazi kama hiyo hufanywa na programu inayokuja nayo, Sysprep, kwa chaguo la `/generalize`.

Baada ya hapo, kwenye seva yenyewe, mashine inageuzwa kuwa kiolezo na nakala zinatolewa:

```
qm template 9000
for n in $(seq -w 1 30); do
  qm clone 9000 1$n --name mw-$n
done
```

Namba 9000 ni ya kiolezo; nimezoea kuvipa violezo namba za mbali ili visichanganyike na mashine za kazi. Mashine za wanafunzi zitapata namba 101 hadi 130 na majina mw-01 hadi mw-30. Kwa kuwa 9000 ni kiolezo, amri hii inatoa nakala tegemezi bila kuambiwa. Ukitaka nakala kamili unaongeza `--full` mwishoni mwa mstari wa tatu. Tofauti yote tunayoizungumzia ni neno hilo moja.

Si kila hifadhi inaweza kutoa nakala tegemezi. Folda yenye mafaili ya qcow2 inaweza, ZFS inaweza, na ile aina ya LVM inayogawa nafasi kadiri inavyohitajika inaweza. LVM ya kawaida kwa kawaida haiwezi, na huko utalazimika kutoa nakala kamili. Ninayoyaeleza hapa yanahusu qcow2 kwenye folda, kwa sababu kila kitu kinaonekana kwa macho.

Ukienda kwenye folda `/var/lib/vz/images/9000` baada ya kugeuza, utakuta diski imebadilishwa jina na kuwa `base-9000-disk-0.qcow2`. Imeondolewa ruhusa ya kuandikwa, na juu ya hapo Proxmox hujaribu kuiwekea alama ya kutobadilishwa, ile unayoiona kama herufi `i` ukitumia amri ya `lsattr`. Alama hiyo ikiwapo, hata msimamizi mkuu wa seva akijaribu kulifuta faili anajibiwa `Operation not permitted`. Ulinzi huo umewekwa kwa sababu nzito. Mtu akibadilisha hata kipande kimoja ndani ya diski ya msingi wakati nakala tegemezi zipo, kila nakala itajikuta na vipande vyake vya zamani vimechanganyika na vipya vya msingi. Mashine nyingine zitawaka kisha zifanye mambo ya ajabu, nyingine hazitawaka kabisa. Akitokea anayekushauri uiondoe alama hiyo ili uongeze programu moja tu kwenye kiolezo, mkatalie.

Mambo yanaanza kubadilika mashine zikishatumika. Tuseme kila mwanafunzi ameandika GB 4 katika mwezi wa kwanza. Hiyo ni GB 120, ukiongeza GB 9 za kiolezo unapata GB 129. Nakala kamili zingekuwa zimefika GB 390, kwa hiyo bado umefaidika sana. Kisha inakuja siku ambayo mkufunzi anafundisha kusasisha mfumo, na wanafunzi wote 30 wanaandika `sudo apt upgrade`. Kila mashine inapakua vifurushi vile vile na kuvifungua kwenye diski yake. Tuseme ni GB 3 kwa kila mmoja. Seva haijui kwamba data hizo ni zile zile. Inaandika GB 90, nakala 30 za kitu kimoja. Nakala tegemezi hushirikiana kile kilichokuwapo siku zilipozaliwa. Kinachoingia baadaye, hata kiwe sawasawa kwa wote, kinalipiwa na kila mmoja kivyake.

Kupungua nako si rahisi. Mwanafunzi akifuta faili la GB 2, ndani ya mashine yake ataona nafasi imerudi, lakini faili la qcow2 kwenye seva linabaki na unene ule ule. Ili nafasi irudi kwa seva, diski ya mashine inatakiwa iwe imewekewa `discard=on`, na mfumo uliomo ndani uitangazie seva kwamba vipande fulani havitumiki tena. Ubuntu hufanya hivyo yenyewe mara moja kwa wiki, au unaweza kuiharakisha kwa `sudo fstrim -av`. Weka `discard=on` kwenye mashine ya msingi kabla ya kuigeuza kiolezo, na nakala zote zitairithi.

Hatari kubwa iko hapa. Umetangaza diski 30 za GB 32, jumla GB 960, juu ya SSD ya GB 480. Kila mwanafunzi akiangalia mashine yake anaona nafasi tele. Siku SSD ikijaa, hakuna atakayeona ujumbe wa kwamba diski imejaa. Mashine ya kwanza inayojaribu kuandika inasimamishwa na seva pale pale. Ya pili inafuata, na ya tatu. Kwa mwanafunzi, skrini imeganda tu.

"Mwalimu, mashine yangu imegoma."

"Namba ngapi?"

"Kumi na saba. Na ya mwenzangu pia."

Wakati wanafunzi wawili walioketi mbalimbali wanalalamika kwa pamoja, usianze kuwasha na kuzima. Fungua ukurasa wa Proxmox. Mashine zilizosimamishwa kwa sababu hiyo zinaonyesha hali ya `io-error`, na `df -h` kwenye seva itakuambia kwamba hifadhi imefika asilimia 100. Toa nafasi kwa kufuta mashine isiyohitajika au nakala za akiba zilizowekwa kwenye diski hiyo hiyo, halafu uziendeleze zilizoganda kwa `qm resume 117`. Zitaendelea pale zilipoishia. Anayeizima kwa nguvu mashine iliyosimama katikati ya kuandika ndiye anayeharibu data.

Ili usifike huko, pima kila wiki. Amri hii inatazama diski ya mwanafunzi wa 17 hata mashine yake ikiwa inawaka; bila `-U` ingekataa kwa sababu faili limefungwa na mashine inayolitumia:

```
qemu-img info -U /var/lib/vz/images/117/vm-117-disk-0.qcow2
```

Katika majibu yake soma mistari mitatu. `virtual size` ni ukubwa uliotangazwa, GB 32. `disk size` ni nafasi halisi inayotumika kwenye seva, na hiyo ndiyo namba ya kufuatilia. `backing file` inataja diski ya msingi, `../9000/base-9000-disk-0.qcow2`. Mstari huo wa mwisho ukikosekana, unatazama nakala kamili. Hii ni njia ya haraka ya kujua ulichorithi kwa fundi aliyekutangulia bila kuacha maandishi yoyote. Mimi huanza kuwa na wasiwasi hifadhi ikifika asilimia 75, kwa kuwa darasa moja la kusakinisha hifadhidata linaweza kumeza asilimia 20 mchana mmoja.

Kinachofanya nipende nakala tegemezi darasani si nafasi peke yake, bali wepesi wa kuanza upya. Mwanafunzi wa 17 amefuta folda ya `/usr` na mashine yake haiwaki. Hakuna haja ya kumtafutia tiba:

```
qm stop 117
qm destroy 117
qm clone 9000 117 --name mw-17
qm start 117
```

Kabla mwenzake hajamaliza zoezi, amerudi kazini. Akiingia kwa SSH na mashine mpya ikapata anwani ya zamani, kompyuta yake itamwonyesha onyo kali kwa herufi kubwa kwamba utambulisho wa mashine ya mbali umebadilika. Mweleze kwa nini, kwa sababu funguo ni mpya kweli, kisha umwonyeshe jinsi ya kuufuta ule wa zamani kwa `ssh-keygen -R`. Ni somo zuri lililojileta lenyewe.

Umeme ukikatika, faida hiyo hiyo inaonekana. Faili la qcow2 lililokuwa likiandikwa linaweza kuharibika, lakini diski ya msingi haikuwa ikiandikwa na mtu. Unazikagua diski za wanafunzi kwa `qemu-img check` mashine zikiwa zimezimwa, na zile zilizoumia unazitengeneza upya kutoka kwenye msingi ambao ni mzima. Mambo hugeuka pale inapoumia diski ya msingi yenyewe, kwa mfano sehemu ya SSD ikichakaa. Hapo unapoteza mashine zote 30 kwa mpigo. Kwa hiyo weka nakala ya akiba ya kiolezo kwenye diski tofauti kabisa, hata kama huweki akiba ya mashine hata moja ya mwanafunzi.

Sharti la wepesi huu ni kwamba kazi ya mwanafunzi isikae ndani ya mashine yake. Iwekwe kwenye folda ya pamoja ya mtandao au kwenye Git, na mashine ihesabiwe kuwa ya kutupwa. Darasa ambalo wanafunzi wanahifadhi ripoti zao ndani ya mashine pepe haliwezi kufuta chochote, na wiki ya nane litakuwa na mafaili 30 yaliyonenepa ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kuyagusa.

Mabadiliko ya kiolezo yanafuata mantiki hiyo hiyo. Kwa kuwa msingi haubadilishwi, mkufunzi akihitaji programu mpya kwa darasa zima unatengeneza kiolezo cha pili. Toa nakala ya 9000, iwashe, ongeza kinachohitajika, futa vitambulisho kama mwanzo, kisha uigeuze kiolezo 9001. Nakala hii iwe kamili:

```
qm clone 9000 9001 --name kiolezo-kipya --full
```

Ukiitoa kama tegemezi, kiolezo kipya kitaning'inia juu ya cha zamani, na mwakani kingine juu ya hicho. Mashine ya mwanafunzi ikitafuta kipande itapita ngazi baada ya ngazi, na wewe hutaweza kufuta hata kiolezo cha kwanza. Dakika moja ya kunakili GB 9 inakuepusha na mnyororo huo. Mashine za wanafunzi zinahamia 9001 kwa kufutwa na kutolewa upya, jambo ambalo Ijumaa jioni huchukua muda mfupi.

Nakala za akiba za mashine tegemezi zina mtego ambao watu huugundua wakiwa tayari na shida. Chombo cha akiba cha Proxmox, `vzdump`, husoma diski kama mashine yenyewe inavyoiona, yaani msingi na mabadiliko kwa pamoja. Ukirejesha akiba hiyo unapata mashine nzima iliyojitegemea, na uhusiano wake na kiolezo umekatika. Kwa mashine moja ni jambo jema. Kwa mashine 30 ina maana kwamba darasa lililokuwa likitumia GB 129 linarudi likitaka GB 390, na kama seva mpya ina diski ndogo zaidi, urejeshaji utakwama njiani. Panga kurejesha kiolezo na kutoa nakala mpya. Wale wachache wenye kazi ya pekee ndio warejeshwe mmoja mmoja.

Nakala kamili ina mahali pake, na hapo sipendi kubana nafasi. Mashine ya mkufunzi mwenyewe, yenye maonyesho aliyoyaandaa mwaka mzima, iwe kamili. Hifadhidata ya pamoja ambayo darasa zima huunganishwa nayo iwe kamili, kwanza kwa sababu ni lazima iishi kuliko kiolezo chochote, na pia kwa sababu inaandikwa mfululizo, na baada ya muda karibu kila kipande chake kitakuwa kimetoka kwenye msingi. Tegemezi ya namna hiyo inabeba gharama zote za utegemezi bila kuokoa nafasi yoyote. Vivyo hivyo mashine itakayohamishiwa seva nyingine isiyoshiriki hifadhi hiyo: tegemezi haiwezi kuondoka peke yake na kuuacha msingi nyuma.

Yupo pia mwanafunzi ambaye mradi wake umekua kupita zoezi la darasa, na anataka kuendelea nao hadi mwisho wa mwaka, au kuondoka nao kwenye diski yake. Huna haja ya kumwambia aanze upya. Zima mashine yake na uigeuze kuwa kamili:

```
qm shutdown 117
qm clone 117 217 --name mradi-17 --full
```

Seva itasoma msingi na mabadiliko yake yote na kuyaandika kwenye faili moja. Hakikisha kwa `qemu-img info` kwamba mstari wa `backing file` haupo kwenye diski ya 217, iwashe uone kwamba mradi unafanya kazi, ndipo ufute 117. Kumbuka kwamba 217 imebeba kitambulisho cha 117, kwa hiyo zisiwashwe zote mbili kwenye mtandao mmoja.

Muhula ukiisha, fuata mpangilio wa kufuta: kwanza nakala za wanafunzi, kisha kiolezo. Ukianza na kiolezo, kwenye hifadhi ya qcow2 Proxmox itakataa kwa kuwa bado kuna diski zinazokitegemea. Ikikataa wakati unaamini umefuta zote, tafuta aliyebaki kwenye mipangilio ya mashine:

```
grep -l base-9000 /etc/pve/qemu-server/*.conf
```

Majina yatakayotokea, ukiacha 9000.conf ambalo ni la kiolezo chenyewe, ni ya mashine ambazo mtu amezisahau. Mara nyingi ni moja tu, ile iliyotolewa nje ya mfululizo kwa mwanafunzi aliyechelewa kujiandikisha. Muulize mkufunzi kabla ya kuifuta.